Mwanangu ni mfupi darasani. Je, ndiyo sababu alama zake ziko chini?

Shikamoo Shangazi. Ninaishi karibu na Mafinga, nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, yuko darasa la tatu, ana miaka minane na nusu na urefu wake ni sentimita 116. Mdogo wake ni wa kike, ana miezi 14. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu alisema amechunguza na kuona watoto warefu ndio wanaoshika nafasi za juu, na kwamba wafupi walikosa lishe. Mwanangu alikuwa wa 31 kati ya 58. Niliona haya, maana sisi ni wakulima wa mahindi na viazi, hatujawahi kulala njaa. Baba yake ni mfupi na mimi pia, na mimi niliishia darasa la saba. Duka la dawa wana kopo la unga wa kurefusha watoto, shilingi 45,000. Ninunue? Au akili yake imeshaharibika na kosa ni langu? – Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu. Kopo usinunue. Unga wa namna hiyo kwa kawaida ni maziwa, sukari na vitamini, na hakuna kinywaji kinachoweza kumrudishia mtoto wa miaka minane urefu uliokosekana akiwa na mwaka mmoja. Kwa fedha hiyo utapata trei kadhaa za mayai na dagaa wa kutosha, na hao watawafaa watoto wote wawili.

Mwalimu wenu hakukosea alichokiona, ila amekipa uzito usiostahili. Ni kweli kwamba watoto warefu hupata alama za juu kidogo. Mwaka 2008 Anne Case na Christina Paxson, wachumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, walichapisha kazi iliyofuatilia watoto wa Uingereza na Marekani, wakaona tofauti hiyo ipo tangu umri wa miaka mitatu, kabla mtoto hajakaa kwenye dawati. Kwa hiyo haitokani na mwalimu kuwapenda warefu, wala na mrefu kuuona ubao vizuri zaidi. Kuna kitu kilichotangulia shule.

Lakini neno la kushika hapo ni "kidogo". Katika tafiti nyingi, uhusiano wa urefu na alama za majaribio ya akili ukipimwa kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1 huangukia kati ya 0.1 na 0.2. Tuutafsiri kwa darasa la mwanao. Chukua watoto wawili wa umri uleule bila kuchagua, mmoja mrefu kuliko mwenzake, uangalie nani kapata alama zaidi. Rudia kwa jozi 100. Mrefu atashinda katika jozi kama 55, na mfupi atashinda katika 45 zilizobaki. Ndiyo tofauti yote hiyo. Kwa alama za mtihani, mtoto aliyepungua sentimita 6 chini ya wastani wa wenzake angetarajiwa kupungukiwa na alama kama 2 kati ya 100. Katikati ya darasa la watoto 58, ambako alama zimebanana, alama 2 ni nafasi kama tatu. Tuseme mwanao amepungua hivyo kwa wenzake wa darasani, na urefu wake ungekuwa wa wastani wao: pengine angekuwa wa 28 badala ya 31. Aliyemtangulia kwa nafasi 30 hakumshinda kwa sababu ya sentimita.

Kabla ya kumwamini mwalimu kwa hayo mengine, mwombe akuonyeshe tarehe za kuzaliwa kwenye rejesta. Mtoto wa miaka minane au tisa hurefuka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule wanaandikishwa darasa moja, na wa Januari atamzidi mwenzake sentimita 5 hivi na mwaka karibu mzima wa kusikia maneno, kuhesabu na kukomaa. Ongeza wanaochelewa kuandikishwa na wanaorudia darasa, ambao nao ni wakubwa kimwili. Mwalimu akiwapanga watoto kwa urefu, kwa sehemu kubwa anakuwa amewapanga kwa umri bila kujua. Watafiti huliondoa hilo kwanza, kwa kumlinganisha kila mtoto na wa umri wake kwa miezi, ndipo wanaipata ile tofauti ndogo niliyokueleza. Asiyeliondoa ataona tofauti kubwa kuliko iliyopo na kuitupia lishe yote.

Sasa hiyo ndogo inatoka wapi? Inatoka katika njia mbili, na ugumu wa swali lako ni kwamba njia hizo hupita katika nyumba zilezile.

Njia ya kwanza ni mwili wenyewe. Miaka miwili ya mwanzo, pamoja na ile miezi tisa ya tumboni, mifupa na ubongo hujengwa kwa kasi ambayo haitarudi tena, na vyote huhitaji protini bora, madini ya chuma, zinki na madini joto. Mtoto akikosa hivyo, au akiwa anaharisha na kupata homa mara kwa mara, mwili hupunguza kasi ya kurefuka ili aishi. Ubongo nao haupati sehemu yake. Urefu wenyewe hauongezi akili hata chembe. Ni kama alama ya maji inayobaki ukutani baada ya mafuriko: inakuonyesha maji yalifika wapi, na hakuna faida ya kuisugua alama.

Tunajua njia hii ni ya kweli kwa sababu imejaribiwa. Kuanzia 1969 hadi 1977, taasisi ya lishe ya Amerika ya Kati iitwayo INCAP ilifanya kazi katika vijiji vinne vya mashariki mwa Guatemala. Vijiji viwili vilipewa uji wenye protini, uliochanganywa na maziwa ya unga. Viwili vingine vilipewa kinywaji kitamu kisicho na protini. Matibabu yalikuwa sawa kote, na vinywaji vyote viliongezwa vitamini na madini, hivyo tofauti kubwa iliyobaki ilikuwa protini na nguvu ya ule uji. Watoto walioukuta uji huo wakiwa hawajatimiza miaka mitatu walirefuka zaidi. Walipotafutwa wakiwa watu wazima, zaidi ya miaka 25 baadaye, walisoma na kuelewa maandishi vizuri kuliko wenzao, na wanawake walikuwa wamekaa shuleni zaidi ya mwaka mmoja wa ziada. Wanaume waliounywa utotoni walikuja kupata ujira mkubwa zaidi kwa saa, lakini walioanza kuunywa baada ya miaka mitatu hawakuonyesha faida hiyo.

Njia ya pili ni nyumba. Mzazi aliyesoma huwa na kipato zaidi kidogo, kwa hiyo mtoto wake anakula yai na anaugua mara chache, na anarefuka. Mzazi huyohuyo anaongea na mtoto kwa maneno mengi, ana kitabu au gazeti ndani, anakagua daftari jioni. Mtoto anakuwa mrefu na anafaulu, lakini kilichomfaulisha ni mazungumzo na daftari. Watafiti wakilinganisha watoto ambao mama zao wamesoma sawa na nyumba zao zina hali sawa, ile tofauti ya warefu na wafupi inapungua sana. Wakilinganisha ndugu wa tumbo moja inapungua pia. Kuna na jambo la ndoa: watu warefu na watu waliosoma huelekea kuoana, hivyo mtoto hurithi urefu upande mmoja na uwezo wa darasani upande mwingine, bila kimoja kukisababisha kingine.

Ukiniuliza nigawe, lishe asilimia ngapi na familia asilimia ngapi, jibu linategemea unasimama wapi. Norwei, ambako mtoto asiyeshiba ni nadra, sehemu kubwa ya tofauti ya urefu kati ya watoto ni ya kurithi, na mchango wa lishe katika alama ni mdogo mno. Kwenu Iringa hali ni nyingine kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na mkoani Iringa wakafika kama 57. Njombe na Rukwa zilifuata, kila moja karibu nusu ya watoto. Mahali kama hapo sehemu ya lishe lazima iwe kubwa zaidi kuliko Norwei, ingawa hata hapo haiwezi kuwa yote.

Najua linakuuma hilo, maana mikoa hiyo ndiyo inayolisha nchi. Umeandika hamjawahi kulala njaa, nami nakuamini. Udumavu hauhitaji njaa. Mahindi yanajaza tumbo, lakini protini yake ina upungufu wa viini viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na ndani ya nafaka kuna kitu kinachofunga chuma na zinki visifyonzwe. Mtoto anayekula uji mtupu wa mahindi asubuhi na ugali kwa mchuzi jioni ameshiba na anakosa vitu vilevile vinavyojenga mfupa na ubongo. Halafu msimu wa kulima ukifika mama anatoka alfajiri, mtoto anaachiwa dada yake na chungu cha uji uliopoa, anakula mara mbili kwa siku badala ya nne. Hilo ni suala la nguvukazi na muda wa akina mama, wala halimhusu mama mmoja aliyezembea. Kwa hiyo haya uliyoiona kikaoni uiweke chini.

Tumwangalie kijana wako. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka minane na nusu huwa na sentimita 130 hivi kwa wastani, na mstari wa udumavu upo karibu na 118. Kwa 116 yuko chini yake kidogo. Rudia kipimo kabla ya kukubali: avue viatu, visigino na makalio vigusane na ukuta, aangalie mbele, uweke kitabu kigumu kichwani kikiwa sambamba na sakafu, upige mstari kwa penseli, upime mara mbili. Makosa ya sentimita mbili kwa tepu ya fundi cherehani ni ya kawaida.

Watu watakwambia ni mfupi kwa sababu ya ukoo. Huenda kwa sehemu. Ila ninyi wazazi mlikulia wapi? Kama ni milima hiyohiyo kwa uji huohuo, basi ufupi wenu nao una sehemu ya lishe ndani yake, na mama aliyedumaa utotoni huelekea kuzaa mtoto mdogo. Kitu kinaweza kupita kizazi hadi kizazi kikaonekana ni damu, kumbe ni chakula.

Je, akili imeharibika? Hapa nataka nikupeleke Kingston, Jamaika, kwa sababu ndiko swali lako lilikojibiwa vizuri kuliko popote ninapopajua. Katikati ya miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini. Waliwagawa kwa bahati nasibu makundi manne. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki. Kundi la pili halikupewa chakula, bali mhudumu wa afya wa mtaani alikwenda nyumbani kwa saa moja kila wiki kumfundisha mama kucheza na kuongea na mtoto, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na vipande vya mbao. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata hata kimoja. Iliendelea miaka miwili.

Mwisho wa miaka miwili, maziwa yalikuwa yamesaidia na michezo ilikuwa imesaidia, na waliopata vyote walikuwa wamewakaribia watoto wasiodumaa. Kama watafiti wangefungasha hapo wangeondoka na jibu lililokatika. Waliwarudia. Watoto walipofika miaka 11 na 12, faida ya maziwa katika majaribio ya akili haikuonekana tena. Ya michezo ilibaki. Ilibaki wakiwa na miaka 17, katika akili na katika kusoma. Na walipokuwa na miaka 22, waliochezewa wakiwa wadogo walikuwa wanapata mshahara wa juu kwa kama asilimia 25 kuliko wasiochezewa. Wote walikuwa wamedumaa tangu mwanzo, wafupi kama mwanao.

Usilisome jibu la Jamaika kama ruhusa ya kuacha kulisha. Wale walianza kupewa maziwa baada ya kudumaa, na Guatemala imetuonyesha kuwa chakula kikiwahi kinafanya kazi kubwa. Ninachokisoma mimi ni kwamba mtoto aliyekwisha kudumaa bado ana mlango wazi, na mlango huo haupiti kwenye urefu.

Kwa kijana wa miaka minane, basi, weka nguvu zako kwenye vitu vinavyomgusa darasani leo. Mpeleke zahanati apimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu humfanya mtoto alegee na asisikilize, na unatibika kwa miezi michache. Aulizwe lini alikunywa dawa ya minyoo. Apimwe macho na masikio, maana mtoto asiyeona ubao haelezi, anadhani wote wanaona hivyo. Asiende shule na chai kavu. Kisha kila jioni asome kwa sauti robo saa mbele yako, wewe ukiwa unamenya viazi. Darasa la saba linakutosha kabisa kumsikiliza na kumuuliza hadithi ilihusu nini. Mpime tena baada ya miezi sita. Akiongezeka sentimita 2.5 au 3, anakua kawaida kwa njia yake. Akiwa chini ya 2, muone daktari wa watoto, kwani kuna magonjwa ya homoni, moyo na utumbo ambayo hujificha nyuma ya ufupi.

Fedha na wasiwasi vielekeze zaidi kwa huyu wa miezi 14. Kwake dirisha bado liko wazi hadi atimize miaka miwili. Kliniki nyingi humpima uzito tu, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaoendana na kimo chake kifupi akaonekana mnene na mwenye afya. Omba kwa jina: "Nipimieni urefu wake amelala." Msichana wa miezi 14 huwa na sentimita 76 hivi, na mstari wa udumavu ni kama 71. Muulize muuguzi aandike kwenye kadi, na mkaangalie pamoja kama namba ya mwezi ujao imepanda.

Endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili. Uji wake uwe mzito usiodondoka kwenye kijiko, ukiwa na karanga zilizosagwa au maziwa. Ale mara tatu hadi nne, na kitu kidogo katikati, kama parachichi lililopondwa, ambalo kwenu halikosekani. Kila siku apate kitu kimoja cha mnyama: yai, au dagaa waliooshwa na kusagwa wakanyunyizwa kwenye mboga. Maharage yapondwe, maganda yatolewe. Chumvi iwe yenye madini joto, maana Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya goita, na upungufu wa madini hayo hugusa kimo na akili kwa pamoja. Msimu wa kulima ukianza, panga na baba yake nani atabaki na mtoto saa za mchana na atamlisha nini, mliongee kabla ya mvua za kwanza.

Na huyo kaka yake mfupi ndiye mwalimu mzuri wa uchangamshi uliye naye nyumbani. Mpe kazi hiyo: amtengenezee mdogo wake vitu vya kupangilia kwa vifuniko vya chupa, amtajie majina ya kila wanachokiona njiani kwenda kisimani, amsomee kwa sauti ile robo saa yake ya jioni.